Dhahabu ya Singida na mlango wa kutokea: hisa za sokoni na hisa za faragha

Mwezi uliopita tulipokea suali kutoka kwa familia moja ya Pemba. Wameuza kipande cha shamba la mikarafuu walilorithi, na fedha zimekaa. Kijana wao mmoja anafanya biashara ya mafuta ya alizeti Singida, na huko amekutana na watu wanaokusanya mtaji wa mgodi mdogo wa dhahabu. Wanauza "hisa" kwa karatasi, wanaahidi faida kila mwezi, na wanasema mtaji hauwezi kupotea. Bi mkubwa wa familia hiyo ametuuliza mambo mawili: je, hisa hizo ni halali? Na je, si ni sawa tu na kununua hisa za soko la Dar es Salaam, ambazo tuliwahi kuandika kuwa baadhi yake zinajuzu?

Suali la pili ndilo linalotusumbua zaidi, kwa sababu watu wengi visiwani wanachanganya. Neno ni moja, hisa, lakini vitu ni viwili. Kuna hisa zilizoorodheshwa sokoni, ambazo mtu asiyekujua anaweza kuzinunua kesho kwa bei inayoonekana na kila mtu. Na kuna hisa za faragha: za kampuni changa zinazotafuta mtaji wa mwanzo, au za kampuni kubwa ambazo wenye fedha wachache wamezinunua na kuziweka nje ya soko. Tofauti yake inaonekana vizuri kabisa hapo hapo Singida, maana mgodi mkubwa wa mkoa ule umepita kwenye hali zote mbili ndani ya miaka michache.

Mgodi huo uko Mang'onyi, wilaya ya Ikungi. Mwenye nao ni kampuni ya Shanta Gold, iliyosajiliwa Guernsey, kisiwa kidogo karibu na Uingereza, ambayo pia ndiyo yenye mgodi wa New Luika mkoani Songwe. Hisa za Shanta ziliuzwa miaka mingi kwenye AIM, soko dogo lililo chini ya Soko la Hisa la London. Karibu na mwaka 2018 kampuni ilizungumzia wazi mpango wa kuuza sehemu ya mradi wa Singida kwa Watanzania kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, yaani DSE. Mpango huo haukutimia, fedha za ujenzi zikatoka kwengine, na mgodi ukamimina dhahabu yake ya kwanza Machi 2023.

Miezi tisa baadaye, Disemba 2023, kampuni iitwayo Saturn Resources, ya kundi la ETC Holdings la Mauritius, ikatangaza kutaka kununua Shanta nzima kwa peni 13.5 kila hisa. Mwaka 2024 bei ikapandishwa hadi peni 14.85, wenyehisa wakaridhia, na Shanta ikatolewa sokoni. ETC si mfuko wa uwekezaji unaokusanya fedha za watu. Ni kundi la kibiashara. Lakini kwa mwenyehisa mdogo matokeo ni yale yale ya mtaji wa faragha: jana alikuwa na hisa yenye bei ya wazi, leo ana fedha mkononi na mgodi umefunga mlango nyuma yake.

Tuangalie jambo hilo lilivyofanyika, kwa sababu ndani yake mna somo ambalo wauza karatasi hawalisemi. Ununuzi wa namna hii mara nyingi hufanywa kwa mpango unaopigiwa kura na kisha kuidhinishwa na mahakama. Wakikubali wenye robo tatu ya thamani ya hisa zilizopigiwa kura, mpango unamfunga kila mmoja, hata yule aliyesema hapana na hata yule ambaye hakupata habari. Mtu aliyekuwa na hisa 10,000 alilipwa pauni 1,485. Kama alizinunua kwa peni 10, amepata faida. Kama alizinunua kwa peni 17 akitarajia kungojea hadi mgodi wa Singida uchanue, amelazimika kuondoka na hasara. Wakati wa tangazo lile, wakia ya dhahabu ilikuwa zaidi kidogo ya dola 2,000. Oktoba 2025 ilipita dola 4,000. Faida ya kupanda huko imekwenda kwa waliobaki ndani, na Serikali pia ina nafasi yake, kwa sababu Sheria ya Madini baada ya marekebisho ya 2017 inaipa hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni yenye leseni ya uchimbaji wa aina hii.

Hatusemi kuwa aliyenunua amedhulumu. Ametoa bei, bei imepigiwa kura, na angeweza pia kuangukia hasara lau dhahabu ingeshuka. Tunachosema ni kwamba hata hisa ya sokoni ina mlango ambao wengine wanaweza kuufunga. Ila ona alichokuwa nacho mwenyehisa yule. Alikuwa na bei ya kila siku ya kulinganisha na bei aliyopewa. Alikuwa na haki ya kupiga kura. Bei ya kwanza ilipoonekana haitoshi, ilipanda. Na mwisho wa yote alilipwa taslimu kwa siku iliyojulikana.

Sasa chukua mtu mwenye hisa za faragha katika kampuni ndogo. Sheria ya Makampuni ya Tanzania Bara ya mwaka 2002 inaeleza kampuni binafsi kwa sifa tatu: katiba yake inaweka mipaka juu ya kuhamisha hisa, wanachama wake hawazidi 50, na hairuhusiwi kuualika umma kununua hisa zake. Sifa ya kwanza ndiyo inayomgusa bi mkubwa wetu. Akitaka kuuza hisa zake ili amsomeshe mjukuu, kwanza atafute mnunuzi mwenyewe, kwa sababu hakuna soko. Pili wakubaliane bei, na hakuna ubao wowote wenye bei. Kuna hesabu za kampuni, kama zipo. Tatu, wakurugenzi wanaweza kukataa kumwandika mnunuzi huyo katika daftari la wanachama. Mara nyingi katiba inawapa wanachama waliopo haki ya kununua mwanzo, na wao wanajua kwamba hana pengine pa kwenda. Bei watakayompa itafanana na hali yake hiyo.

Huko ndiko kukosa ukwasi. Ukwasi ni wepesi wa kugeuza mali kuwa fedha bila ya kulazimika kuitupa kwa bei ya hasara. Karafuu kavu ina ukwasi mkubwa, unaipeleka kituoni ukalipwa. Nyumba ya urithi Mji Mkongwe yenye warithi 14 haina. Zote ni mali, lakini haziwezi kubeba haja moja.

Tusije tukaisifu DSE kupita kiasi. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa wananchi kwa shilingi 850 kila moja, na wakanunua Watanzania zaidi ya 40,000, wengi wao kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Miaka iliyofuata bei ilikaa chini ya 850 kwa muda mrefu, na aliyetaka kutoka alikuta wauzaji wengi na wanunuzi haba. Zipo kampuni pale sokoni ambazo siku kadhaa hupita bila ya hisa yake hata moja kubadilisha mikono. Kwa hiyo kuorodheshwa hakukuhakikishii mnunuzi. Kunakupa mahali pa kusimama na bidhaa yako na bei ya mwisho iliyoandikwa, na mnunuzi akija haombi ruhusa ya mkurugenzi yeyote.

Jambo la pili ni ada, na hapa hesabu inazungumza. Ukinunua hisa DSE unalipa kamisheni ya dalali pamoja na vitozo vidogo vya soko, vya mamlaka na vya hifadhi ya hisa. Kwa mwekezaji mdogo jumla yake ni karibu asilimia 2 wakati wa kununua, na kiasi kama hicho wakati wa kuuza. Baina ya siku hizo mbili hulipi ada ya kushika hisa zako. Gawio likitoka linakatwa kodi ya asilimia 5, wakati gawio la kampuni isiyo sokoni kwa kawaida linakatwa 10.

Mifuko ya mtaji wa faragha ina desturi nyengine, inayojulikana duniani kote kama "mbili na ishirini". Meneja anachukua asilimia 2 kila mwaka ya fedha ulizoahidi, hata kama bado hajazitumia, na mwisho anachukua asilimia 20 ya faida. Mfuko kwa kawaida una umri wa miaka 10, na unaweza kurefushwa.

Tufanye mfano wa shilingi milioni 10, ingawa tutaona mbele kwamba mifuko ya kweli haipokei kiasi hicho. Asilimia 2 kwa mwaka ni laki mbili. Kwa miaka 10 ni milioni 2. Basi zinazofanya kazi hasa ni milioni 8. Tuseme meneja ni hodari, milioni 8 zikawa milioni 20. Faida juu ya milioni 10 ulizotoa ni milioni 10, naye anachukua humo milioni 2. Unabakiwa na milioni 18, na ada zote ni milioni 4. Hisa za DSE zilizonunuliwa kwa milioni 10 na kuuzwa milioni 20 zingekutoza kiasi cha laki 6 kuingia na kutoka. Ili mfuko ukushinde, meneja lazima afanye vizuri kwa pengo lote hilo, na juu yake akulipe kwa kukufungia fedha miaka 10.

Wapo wanaoweza. Meneja mzuri hakai tu akangojea bei. Anaingia kwenye bodi, anabadilisha uongozi, analeta mashine, kisha anauza. Sehemu ya faida hiyo ni malipo ya subira. Katika kampuni changa hesabu ni kali zaidi: nyingi hufa, chache hurudisha mtaji, na moja au mbili ndizo zinazobeba mfuko mzima. Ndiyo maana anayefanya kazi hiyo huweka fedha katika kampuni 20 au 30. Anayeweka fedha zote za shamba katika moja hafanyi kazi ile ile kwa kiwango kidogo. Anafanya kitu chengine.

Na hapo tunafika kwenye swali la nani anaruhusiwa kuingia. Mwaka 2024 NALA, kampuni ya kutuma fedha iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilipata dola milioni 40 za mtaji. Habari ilisomwa na kila mtu, lakini hakuna mkaazi wa Chake Chake aliyeweza kwenda kununua kipande chake. Fedha za namna hiyo hutoka kwa mifuko, na mifuko hukusanya kutoka kwa mashirika ya maendeleo, mifuko ya pensheni na matajiri, kwa viwango vya mamia ya maelfu ya dola na kuendelea. Hata Shanta ilipokuwa sokoni London ilikuwa mbali nasi. Sheria za fedha za kigeni zimeweka mipaka kwa mkaazi wa Tanzania anayetaka kununua hisa nje ya jumuiya zetu za kikanda. Dhahabu iko Ikungi, lakini hisa yake ilikuwa rahisi zaidi kununuliwa na mstaafu wa Uingereza kuliko na mkulima anayeuona mgodi kutoka shambani kwake. Lau mpango ule wa DSE ungetimia, leo tungekuwa na maneno mengine ya kusema.

Kwa upande wa pili, DSE iko wazi. Unafungua akaunti ya hisa kwa dalali mwenye leseni, au kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, na unaanza na kiasi kidogo. Kwa Muislamu kazi iliyobaki ni kuchuja. Kampuni ya bia na ya sigara zinatoka, benki za riba zinatoka, na kwa zilizobaki tunaangalia vitabu. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah, katika azimio lake la 1992, lilisema asili ni haramu kushiriki katika kampuni ambazo wakati mwengine zinajihusisha na riba, hata kama kazi yao ya msingi ni halali. AAOIFI, inayoweka vigezo vya taasisi za fedha za Kiislamu, imeruhusu kwa masharti: mikopo ya riba isifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba vivyo hivyo, na pato la haramu lisizidi asilimia 5, nalo litolewe. Khitilafu hii ipo na tunaiheshimu. Lakini zingatia kwamba ili kuchuja kwa kauli yoyote kati ya hizo unahitaji hesabu zilizokaguliwa na kuchapishwa. Kampuni ya sokoni inalazimishwa kuzitoa. Kampuni ya faragha inakuonesha inachotaka, na mwenyehisa mdogo anaweza kukaa mwaka mzima bila ya kujua kama mashine zimenunuliwa kwa mkopo wa riba.

Kuna anayetuuliza: je, ushirika wa faragha si ndio uliokuwepo zamani, mudharaba na musharaka? Ndiyo, na kwa umbo lake uko karibu zaidi na fiqhi kuliko kubashiri bei sokoni. Lakini mudharaba una masharti. Mwenye mtaji anabeba hasara ya mtaji ikiwa mtendaji hakukiuka wala hakuzembea, na faida hugawiwa kwa sehemu ya faida yenyewe, si kwa kiwango cha mtaji kilichotajwa mapema. Karatasi ya Singida inaahidi asilimia 5 ya mtaji kila mwezi na inadhamini mtaji. Ondoa neno hisa, kinachobaki ni mkopo wenye ziada. Kwa hiyo suali la kwanza la bi mkubwa linajibika bila hata ya kuujua mgodi: kwa masharti yaliyoandikwa, haijuzu. Na kwa upande wa dunia, asilimia 5 kwa mwezi ni asilimia 60 kwa mwaka. Mchimbaji mdogo hajui mwezi ujao atakuta mshipa au atakuta mawe matupu. Anayeahidi kiwango kisichobadilika juu ya kazi hiyo atakilipa kutoka wapi, kama si kutoka kwa fedha za atakayejiunga baada yako?

Yapo mambo mawili ya ibada na haki ambayo hayatajwi kabisa siku ya kuuziana. La kwanza ni zaka. Aliyenunua hisa za sokoni kwa nia ya biashara anatazama bei ya siku mwaka unapotimia na kutoa asilimia 2.5. Aliyezishika kwa ajili ya gawio, asili ni kuzikia sehemu yake katika mali ya kampuni inayopaswa zaka. Na asipoweza kuijua, azimio la Baraza la Fiqhi la 1988 linamwelekeza kuzikia gawio alilolipata. Mwenye hisa za faragha alizonunua ili aje kuziuza ana mtihani, kwa sababu zaka inamtaka thamani na hakuna mtu wa kumpa. Hapo inabidi akae na hesabu za kampuni na mjuzi wa kukadiria, kila mwaka.

La pili ni mirathi. Tuseme baba amefariki ameacha hisa zenye thamani ya shilingi milioni 24, mke, mtoto wa kiume na wa kike. Mke ana thumni, milioni 3. Zinabaki milioni 21, kijana 14 na binti 7. Kama ni hisa za DSE, zinagawiwa vipande kwa jina la kila mrithi baada ya msimamizi kuthibitishwa, na mjane akitaka anauza chake, watoto wanabaki na chao. Kama ni za faragha, milioni 24 ni maandishi. Mjane aliye edani hali maandishi. Wakurugenzi wanaweza kuchelewesha kuwaandika warithi, na mara nyingi anayetokea kununua ni mshirika wa marehemu, kwa bei yake. Mali ya yatima hatuoni ruhusa kwa msimamizi kuifunga humo, kwa sababu haja ya yatima haingojei miaka 10.

Familia ya Pemba tumewajibu hivi. Karatasi ile wairudishe. Kama kijana wao anauamini mgodi huo kweli, wawaombe wahusika jina la kampuni lilivyo BRELA, orodha ya wanachama na katiba, na wasome mahali panapozungumzia kuhamisha hisa. Waulize pia ni watu wangapi wameuziwa. Wakiwa wanatangazia umma bila ya waraka ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, wanavunja sheria, na mwanahisa anaweza asiandikwe popote. Ikiwa yote yamekaa sawa na mkataba ukageuzwa kuwa wa kugawana faida na hasara, basi waweke kiasi ambacho wakikikosa kwa miaka 10, au moja kwa moja, hapana mtoto atakayetolewa skuli. Kwa hesabu waliyotupa, kiasi hicho hakifiki sehemu ya kumi ya fedha za shamba.

Kijana ametupigia kutoka Singida baada ya jibu letu. Anasema alipoomba orodha ya wanachama aliambiwa asubiri, na bado anasubiri.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.